Barua ya kubadili jina la akaunti benki baada ya ndoa: karatasi zipi zitangulie na sahihi ipi iwekwe

Kwa miaka kadhaa nilikaa dawati la huduma kwa wateja katika tawi moja la benki hapa Mbeya. Siku hizi nina steshenari Mwanjelwa, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuwaandikia watu barua. Barua za kubadili jina nilizipokea nikiwa ndani ya kaunta, na sasa naziandika nikiwa nje. Nyingi zinazorudishwa huwa zimeandikwa kwa Kiswahili kizuri tu. Zinarudi kwa sababu jina jipya bado halijafika NIDA, au kwa sababu mwandishi amesaini kwa sahihi ambayo benki haijawahi kuiona. Mtu ametoka Ipinda au Makete, amelipa nauli, amekaa foleni tangu asubuhi, halafu anaambiwa arudi wiki ijayo. Hilo linaniuma kwa sababu linazuilika kabla hajatoka nyumbani.

Nitafuata mfano mmoja kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Majina nimeyatunga, lakini mkanganyiko wake ni ule ninaokutana nao kila mara. Neema Lwitiko Mwakyusa ni mkulima wa kahawa wa Rungwe, mwanachama wa AMCOS ya kijijini kwao. Alifungua akaunti mwaka 2012 kwa kadi ya mpiga kura, na jina lake likaandikwa Mwakiusa, kwa herufi i. Baadaye alipojiandikisha NIDA likaandikwa Mwakyusa, kwa y, kama familia inavyoliandika. Sasa amefunga ndoa kanisani na mwanamume wa ukoo wa Mwaisumo, na anataka akaunti isomeke Neema Lwitiko Mwaisumo.

Kabla ya yote, jiulize kama unataka kubadili

Akina dada wengi huja wakiamini kwamba ukishaolewa ni lazima ubadili jina. Si kweli. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimlazimishi mke kuchukua jina la mume, na akaunti iliyo kwa jina la kwenu haiharibiki kwa sababu umefunga ndoa. Kama vyeti vyako vya shule, ajira, mfuko wa hifadhi ya jamii na hati ya kiwanja vyote vina jina la kwenu, pima kazi ya kuvihamisha vyote kabla hujagusa akaunti. Kwa mtumishi wa umma mimi hushauri azungumze kwanza na ofisi ya utumishi ya halmashauri yake, kwa sababu mshahara unafuata jina lililo kwenye kumbukumbu za mwajiri, na mwajiri naye alilitoa kwenye vyeti.

Ukishaamua kubadili, badili jina la mwisho peke yake. Jina lako la kwanza na la baba yabaki kama yalivyo. Wapo wanaoondoa jina la baba na kuweka jina la kwanza la mume, na wakati huohuo wanabadili la ukoo. Mtu wa namna hiyo akifika benki, kati ya majina matatu ni moja tu linalofanana na kumbukumbu ya zamani, na afisa ana haki ya kusita. Neema Lwitiko ikibaki palepale, yeyote anayesoma faili anaona kwamba ni mtu yuleyule aliyeolewa.

Panga majina yako kwenye karatasi moja

Hatua hii haina gharama na wengi huiruka. Chukua karatasi, andika jina lako herufi kwa herufi kama linavyosomeka benki, NIDA, kwenye cheti cha ndoa, kwenye laini ya simu na kule pesa zinakotoka. La benki lisome kwenye taarifa ya akaunti na usitegemee kumbukumbu. La laini ya simu utalipata kwa kupiga *106#, inakoonekana laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA.

Karatasi ya Neema ilionekana hivi. Benki: Neema Lwitiko Mwakiusa. NIDA: Neema Lwitiko Mwakyusa. Cheti cha ndoa: bibi harusi Neema Lwitiko Mwakyusa. Laini ya simu: Mwakyusa. AMCOS: Neema Mwakiusa, bila jina la baba, kwa kuwa katibu alinakili kutoka kwenye kitabu cha benki. Alikuja akidhani ana jambo moja la kushughulikia, kumbe yalikuwa mawili: herufi iliyokosewa tangu 2012, na jina lililobadilika kwa ndoa. Ukiyachanganya mawili hayo katika sentensi moja ya barua, afisa haelewi karatasi ipi inathibitisha lipi. Yatenganishe tangu hapa.

Huku kwetu y na i hubadilishana sana katika majina ya Kinyakyusa, na afisa aliyekulia mkoa mwingine huandika anavyosikia. Upande wa Tunduma kuna jambo jingine la kuangalia. Wanyamwanga wana majina ya ukoo ambayo kwa mwanamume huanza na Si na kwa mwanamke Na, hivyo baba anaweza kuwa Sinyangwe na binti yake Nanyangwe, ukoo ni uleule. Asiyejua ataona majina mawili tofauti. Kama jina lako ni la namna hiyo, andika hivyohivyo lilivyo kwenye NIDA, na kwenye barua weka sentensi moja ya kueleza. Usijaribu kulinyoosha mwenyewe ili lifanane na la baba, maana utakuwa umezaa tofauti mpya.

Karatasi inayothibitisha sababu

Aliyefunga ndoa kanisani, msikitini au kwa msajili wa serikali anahitaji cheti cha ndoa chenye namba, kile kinachotokana na kitabu cha usajili. Cheti cha kumbukumbu ambacho baadhi ya makanisa hutoa, chenye maua na mistari ya Biblia, ni kizuri ukutani lakini benki haikitumii. Ukikipoteza kile chenye namba, uliza RITA. Ofisi yao ya wilaya kwa kawaida iko kwenye jengo la Mkuu wa Wilaya.

Cheti cha ndoa kina upungufu mmoja ambao watu hawautarajii: hakikutaji kwa jina lako jipya. Kinaonyesha jina ulilokuwa nalo siku ya ndoa na jina la mumeo, basi. Kinaeleza kwa nini unabadili, lakini hakisemi umebadili kuwa nani. Ndiyo maana cheti peke yake mara nyingi hakitoshi, na ndiyo maana NIDA inakuja kabla ya benki.

Kuna wale waliooana kimila. Mahari imelipwa, wazee wa pande zote wamekaa, watoto wapo, na hakuna karatasi hata moja. Ndoa yao ni ndoa. Sheria inawataka waliooana kimila waisajili ndani ya siku 30, lakini kutoisajili hakuifuti. Tatizo ni kwamba benki haiwezi kuweka wazee kwenye faili. Barua ya mtendaji wa kijiji inasaidia kukutambulisha wewe na makazi yako, haigeuki kuwa cheti cha ndoa. Mtu wa hali hii namwelekeza kwanza kwa msajili wa wilaya aulize kuhusu kuisajili ndoa hiyo. Waliokaa pamoja miaka miwili au zaidi na jamii ikawatambua kama mke na mume wanalindwa na kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa, lakini ile ni dhana ya ndoa inayojadiliwa mahakamani yanapotokea mabishano. Haimpi mtu cheti cha kupeleka benki.

Anayebadili jina kwa sababu isiyo ya ndoa, labda amebadili dini au ameacha jina alilopewa utotoni, anahitaji hati ya kubadili jina. Huandaliwa na wakili, mhusika akatamka humo kwamba ameliacha jina la zamani na kuanzia sasa atatumia jipya, kisha ikasajiliwa kwa Msajili wa Hati aliye chini ya wizara ya ardhi. Mbeya kuna ofisi ya Msajili wa Hati Msaidizi, hivyo watu wa huku hawana haja ya kuifuata Dar es Salaam. Hati ambayo haijasajiliwa, hata iwe na mihuri mitatu ya wakili, itarudishwa NIDA na benki pia.

Hati hiyo si sawa na kiapo cha majina. Kiapo husema kwamba majina mawili yaliyoandikwa tofauti ni ya mtu mmoja. Hakuna linaloachwa wala linalozaliwa. Kinafaa kwa herufi iliyokosewa, jina lililorukwa au mpangilio uliogeuzwa. Nimeona watu wakilipia kiapo ili wabadili jina zima, na wengine wakilipia hati nzima kwa ajili ya herufi moja. Neema alihitaji kiapo kwa ile i na y, na cheti cha ndoa kwa Mwaisumo. Kiapo chake kilikuwa kifupi, mbele ya wakili ambaye ni kamishna wa viapo: kwamba jina Neema Lwitiko Mwakiusa lililoko kwenye akaunti namba fulani na jina Neema Lwitiko Mwakyusa ni ya mtu mmoja, yaani yeye. Hakikisha namba ya akaunti imo ndani ya kiapo. Bila hiyo, karatasi inazungumzia majina hewani.

NIDA itangulie

Benki inalazimika kumtambua mteja wake kwa uhakika, na sheria ya mwaka 2006 ya kuzuia utakasishaji wa fedha haramu inaibana katika hilo. Kwa vitendo, afisa anaingiza namba yako ya NIDA au anakuomba uweke kidole kwenye mashine, na mfumo unamletea majina yaliyoko kule. Ukiwa umeandika Mwaisumo na mfumo ukaleta Mwakyusa, barua yako inakwama hapohapo, hata kama cheti cha ndoa kimelala mezani.

Kwa hiyo Neema alianzia ofisi ya NIDA ya wilaya akiwa na kitambulisho chake, cheti cha ndoa halisi pamoja na nakala, akajaza fomu ya kubadili taarifa. Namba haibadiliki. Zile tarakimu 20, ambazo nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na tarehe ya kuzaliwa, zinabaki zilezile maisha yote. Kinachobadilika ni jina lililo nyuma yake. Kwa sababu hiyo si lazima usubiri kadi mpya ya plastiki ndipo uende benki. Muulize afisa wa NIDA kama badiliko limeshaingia kwenye mfumo, akuonyeshe au akuchapie taarifa zako, na usome jina herufi kwa herufi ukiwa bado umesimama pale. Ikiwa wamekosea, ni rahisi kurekebisha siku hiyo kuliko baada ya benki kunakili kosa.

Barua yenyewe

Andika kwa mkono au chapisha, yote yanakubalika. Tengeneza nakala mbili. Hii ndiyo ya Neema, nikiwa nimeacha wazi namba na anwani:

Neema Lwitiko Mwaisumo
(awali Neema Lwitiko Mwakiusa),
S.L.P. ……,
Tukuyu.
Simu: ……
Tarehe ……

Meneja wa Tawi,
Benki ya ……,
S.L.P. ……,
Tukuyu.

Ndugu,

YAH: OMBI LA KUBADILI JINA KATIKA AKAUNTI NAMBA ……

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mmiliki wa akaunti ya akiba iliyotajwa hapo juu, iliyofunguliwa katika tawi lako mwaka 2012. Katika kumbukumbu za benki jina langu ni NEEMA LWITIKO MWAKIUSA. Ninaomba libadilishwe na kuwa NEEMA LWITIKO MWAISUMO, kama linavyosomeka sasa katika kumbukumbu za NIDA kwa namba ……

Sababu za ombi hili ni mbili. Kwanza, wakati wa kufungua akaunti jina langu la ukoo liliandikwa MWAKIUSA badala ya MWAKYUSA. Kiapo cha kuthibitisha kwamba majina hayo ni ya mtu mmoja nimekiambatisha. Pili, nimefunga ndoa tarehe …… na sasa ninatumia jina la ukoo la mume wangu, MWAISUMO. Nakala ya cheti cha ndoa namba …… nimeiambatisha.

Ninaomba badiliko hili lifanyike katika akaunti, kadi ya benki, huduma ya benki kwa simu na kadi ya sahihi. Namba ya akaunti, namba ya simu na taarifa zangu nyingine zibaki kama zilivyo.

Viambatisho: nakala ya kitambulisho cha Taifa, nakala ya cheti cha ndoa iliyothibitishwa, kiapo halisi, picha mbili za pasipoti.

Natanguliza shukrani.

Sahihi inayotumika sasa katika akaunti: ……
Sahihi mpya ninayoomba kuitumia: ……

Neema Lwitiko Mwaisumo

Sehemu muhimu kuliko zote katika barua hiyo ni mistari miwili ya sahihi. Akaunti bado ni ya Mwakiusa, na benki iliahidi kutii maelekezo yenye sahihi ya Mwakiusa tu. Barua iliyosainiwa kwa sahihi mpya peke yake, machoni pa benki, ni barua ya mtu mgeni anayeomba kugeuza akaunti ya mwingine. Weka ya zamani kwanza, ile uliyoweka siku ya kufungua akaunti, kisha mpya. Kama hukumbuki ya zamani ilikuwaje, au mkono umebadilika, mwambie afisa kabla hujasaini, maana utaratibu wa kuthibitisha sahihi upo na huanza kwa wewe kuwepo pale na kitambulisho. Nikiwa dawatini niliwahi kupokea barua yenye sahihi mpya tu, nikaipeleka mbele bila kumweleza mteja, naye akarudi mara mbili kutoka mbali kwa kosa ambalo ningelizuia kwa kumwomba kalamu. Tangu hapo mistari hiyo miwili naiandika mwenyewe kwenye kila barua. Kama hutaki kubadili sahihi, sema hivyo: sahihi yangu ibaki ileile. Inaruhusiwa, na inapunguza kazi.

Majina yote mawili yaandike kwa herufi kubwa, kila yanapotokea. Herufi kubwa inaondoa ubishi kati ya i na y, na l na r. Jina jipya linakili kutoka kwenye taarifa za NIDA, si kutoka kichwani.

Usiandike namba ya siri popote, wala namba zilizo mbele na nyuma ya kadi. Badiliko la jina halihitaji hata moja kati ya hizo. Akitokea mtu akakupigia simu siku chache baadaye akisema anamalizia ombi lako na anataka namba ya siri, kata simu uende tawini.

Siku ya kwenda benki

Nenda mwenyewe. Mumeo hawezi kukupelekea barua hii, hata awe na cheti cha ndoa mkononi. Chukua karatasi halisi zote pamoja na nakala, kwa sababu afisa atalinganisha. Nakala ya cheti ithibitishwe na wakili au hakimu kabla, yaani iwe na muhuri na maneno kwamba ni nakala ya hati halisi. Matawi mengine huridhika kwa kuona halisi, mengine yanataka muhuri, na baadhi humdai hata aliyeolewa hati ya kubadili jina. Piga simu au pita siku moja kabla uulize tawi lako.

Utajazishwa fomu ya benki ya kubadili taarifa za mteja. Barua yako haiondoi fomu, na fomu haiondoi barua: fomu inaingia kwenye mfumo, barua inabaki kwenye faili ikieleza kwa nini. Utapewa kadi mpya ya sahihi usaini, na picha zitabandikwa. Kabla hujaondoka, nakala ya pili ya barua igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, na jina la aliyepokea liandikwe. Hiyo irudi nawe nyumbani. Siku utakapoambiwa barua haionekani, hiyo ndiyo itakayozungumza.

Badiliko mara nyingi halikamilishwi dirishani. Tawi hutuma karatasi makao makuu, zikakaguliwa na mtu mwingine, kisha jina likaingia. Uliza litachukua siku ngapi na uandike jibu kwenye nakala yako.

Kama akaunti ina mkopo, sema mwanzoni. Mkataba na dhamana viko kwa jina la zamani, na idara ya mikopo itataka kuviunganisha na jipya kwa maandishi. Akaunti ya kikundi, VICOBA kwa mfano, haibadilishwi kwa barua ya mtu mmoja. Pale wewe ni mtia sahihi tu, kwa hiyo unahitajika muhtasari wa kikao uliosainiwa na viongozi unaosema mtia sahihi wenu sasa anaitwa nani.

Pesa zinazoingia wakati jina linahama

Hapa ndipo watu hupata hasara ya muda. Malipo yanayotoka benki nyingine, au orodha ya malipo ya wakulima, huwa na namba ya akaunti na jina. Namba ikiwa sahihi na jina likiwa tofauti, malipo yanaweza kuzuiwa au kurudishwa yalikotoka. Pesa haipotei, lakini kuirudisha kwako kunaweza kuchukua siku nyingi, na katibu wa AMCOS hana haraka yako.

Kahawa ya huku huvunwa kuanzia katikati ya mwaka. Neema alipeleka barua benki mwezi wa pili, msimu haujaanza na hakuna malipo anayoyangoja. Laiti angeipeleka malipo yakiwa njiani, ningemwambia asubiri yaingie kwanza. Barua ya AMCOS aliiandika siku hiyohiyo lakini hakuipeleka. Alingoja mpaka benki ikathibitisha jina jipya ndipo akamkabidhi katibu, ikiwa na nakala ya taarifa ya akaunti yenye jina la Mwaisumo. Mpangilio huo una maana. Ukimwahi katibu, orodha yake itakuwa na jina ambalo benki bado haina.

Mfanyakazi afanye hivyohivyo kwa mwajiri: tafuta siku za mara baada ya mshahara kuingia, ili uwe na wiki tatu hivi za kulimaliza kabla ya mshahara unaofuata. Laini ya simu nayo ihuishwe kwenye duka la mtandao wako kwa alama ya kidole, kwa kuwa jina la NIDA limeshabadilika na huduma ya benki kwa simu imeungana na laini hiyo.

Kadi ya zamani yenye jina la zamani, iulizie. Mashine ya kutolea pesa inasoma kadi na namba ya siri, haisomi jina lililochapwa juu, na baadhi ya benki huiacha ifanye kazi mpaka mpya ifike. Nyingine huifunga mara jina linapobadilika. Kama benki yako ni ya namna hii ya pili, toa pesa ya matumizi kabla hujakabidhi barua.

Ikikwama

Muda ulioahidiwa ukipita, rudi na nakala yenye muhuri, uulize ombi limefika kwa nani na limekwama kwa sababu ya karatasi gani. Omba sababu hiyo kwa maandishi. Mara nyingi ni kitu kimoja kidogo, nakala isiyosomeka au herufi moja kwenye fomu. Wakikaa kimya, andika barua ya pili kwa meneja, kichwa chake kiwe malalamiko, ukitaja tarehe ya ile ya kwanza. Kanuni za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha za mwaka 2019 zinaitaka benki ishughulikie malalamiko ya mteja, na asiporidhika anaweza kuyafikisha Benki Kuu ya Tanzania, ambayo ina tawi hapa Mbeya. Lakini lazima uanzie kwenye benki yako, na uwe na ushahidi kwamba ulianzia huko. Ndiyo kazi nyingine ya ule muhuri.

Aliyeachana na mwenzake akataka kurudi jina la kwao anafuata njia hiihii kinyumenyume: amri ya talaka ya mahakama badala ya cheti cha ndoa, NIDA, kisha benki, sahihi mbili.

Kuhakikisha jina limehama

Usiridhike na kuambiwa imekamilika. Omba taarifa fupi ya akaunti iliyochapwa, soma jina. Halafu mwombe ndugu yako aanze kutuma kiasi kidogo kwenda kwenye akaunti yako kwa simu yake, na kabla hajathibitisha akusomee jina lililojitokeza kwenye skrini. Neema alifanya hivyo akiwa kibandani kwangu. Mdogo wake alikuwa Kiwira, akasoma kwa sauti, akafika jina la mwisho akasita, kisha akasema, "Dada, limeandikwa Mwaisumo." Nikamwambia Neema amwombe alitaje herufi kwa herufi. Akalitaja lote, na lilikuwa sawa.

Karatasi zote, pamoja na kile kiapo cha Mwakiusa, zikaingia kwenye bahasha moja. Kiapo asikitupe: taarifa za akaunti za tangu 2012 bado zina herufi i, na siku atakapoomba mkopo kwa kuonyesha mapato ya miaka iliyopita, ataulizwa tena huyu Mwakiusa ni nani.